Shajara ya mradi: ukibonyeza "Don't allow" apu inafia wapi

Jumatatu, Kijitonyama

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna apu ya kijamii, ndogo tu, watu wanaposti picha, wanatumiana voisi, wanapigiana kwa sauti na kwa vidio, ilijengwa na vijana ambao washaondoka na sasa mwenye mradi anataka mtu aipitie upande wa ruhusa kabla haijawekwa sokoni. Malalamiko ya watu wa majaribio yote yanasema kitu kimoja, "inagoma", na ukimuuliza mtu inagoma vipi kila mmoja ana lake, huyu anasema inajifunga, huyu anasema picha zake zimefutwa, mama mmoja wa Mbagala anasema anatuma voisi watu wanamwambia hawasikii kitu. Mimi hisia zangu hizo zote ni stori moja, ila lazima nione kwa macho.

Ruhusa zinazoombwa ni nne: kamera, maiki, majina ya simu na picha. Nina simu tatu mezani, moja ya Android 10, moja ya 12, moja ya 14, zote zimetoka Kariakoo kwa mkono wa pili, makusudi, maana hizo ndizo zilizo mikononi mwa watu. Njia ya kutesti ni rahisi sana, nawasha zote nne halafu nanyima moja moja kwa kebo kutoka kwenye laptopu, hivi:

```
adb shell pm revoke com.example.mtaa android.permission.READ_CONTACTS
```

Angalizo kwa atakayerudia hii: ukinyang'anya ruhusa wakati apu iko wazi, Android yenyewe inaiua hiyo apu palepale. Sio kosa la apu, ndivyo mfumo ulivyo, kwa hiyo usikimbilie kuandika "imejifunga", ifungue tena ndo uanze kuangalia.

Na kingine, tangu Android 11 mtu akikataa ruhusa ileile mara mbili mfumo hauonyeshi tena lile dirisha la kuuliza, apu ikiomba inajibiwa hapana kimyakimya. Kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma hakuhesabiwi kama kukataa. Ili nisifute apu kila saa, ile kumbukumbu ya kukataa naiondoa hivi:

```
adb shell pm clear-permission-flags com.example.mtaa android.permission.RECORD_AUDIO user-set user-fixed
```

Jumanne, majina ya simu

Nimeanza na hii kwa sababu ndiyo watu wa Dar wanaikataa haraka kuliko zote, na wana sababu. Nani hajawahi kupigiwa simu na mtu asiyemjua akiambiwa fulani anadaiwa na wewe ni "mdhamini" wake, kumbe jamaa alikopa kwenye apu ya mkopo wa mtandaoni, apu ikabeba fonibuku nzima, sasa wanapigiwa mpaka shemeji na fundi friji. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa hadi orodha ya apu za mikopo zisizo na leseni. Kwa hiyo ukimuomba mtu majina yake kwenye skrini ya kwanza kabisa kabla hata hajaona apu inafanya nini, jibu lake unalo.

Na apu yetu ilikuwa inafanya hivyohivyo. Ukikataa inaendelea kama hujasema kitu, inaenda kusoma majina, inakutana na hii, inajifunga:

```
java.lang.SecurityException: Permission Denial: opening provider com.android.providers.contacts.ContactsProvider2
```

Hapa angalau ilipiga kelele. Inaonekana kwenye logi, unajua mstari gani, unarekebisha. Siku zinazofuata nitakuja kuikumbuka hii kwa upendo.

Sasa swali la maana: ukishazuia isijifunge, mtu aliyekataa anakosa nini hasa? Nimekaa na dogo wa upande wa seva tukapitia. Anakosa kuona jina alilomsevu nalo mtu, kwa hiyo "Baba Neema Gesi" anaonekana kwa jina alilojiandika mwenyewe kwenye profaili. Anakosa ile orodha ya "watu unaowajua". Basi. Kutuma meseji, kupiga, kuposti, vyote vinaenda. Kumtafuta mtu anaweza kwa kuandika namba, au kutumiwa linki, au kwa kile kichagua majina cha mfumo wenyewe, `ACTION_PICK`, ambacho kinamfungulia fonibuku yake, anagusa mtu mmoja na apu inapewa huyo mmoja tu bila ruhusa yoyote.

Kutafuta kwa namba ndiko kulikoleta tabu, maana hakukuwahi kutumika. Mtu anaandika 07XX kama anavyoandika kila siku, seva imehifadhi +2557XX, jibu "hayupo". Wenye ruhusa hawakuliona hili kwa sababu njia ya fonibuku ilikuwa inasawazisha namba kabla ya kutuma, njia ya kuandika kwa mkono haisawazishi. Ndo hivyo, ukiwa na ruhusa zote huwezi kujua njia za pembeni zimeoza.

Dogo akaniambia kaka usiwe na wasi, namba hatuzitumi wazi, tunazipiga heshi, yaani kila namba inageuzwa msimbo ambao huwezi kuusoma ukapata namba. Nikamwambia tuhesabu basi. Namba ya simu ya mkononi hapa ni +255 halafu tarakimu tisa, ya kwanza ni 6 au 7. Maana yake zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Laptopu ya kawaida inazipiga heshi zote hizo kabla chai haijapoa, halafu unalinganisha tu, kila heshi inarudi kuwa namba. Heshi inaficha kitu kama kuna vingi mno vya kukisia, milioni 200 kwa kompyuta sio vingi. Akanyamaza kidogo, akasema basi tuzifute seva ikishamaliza kulinganisha. Hilo nimelikubali, tumeliandika.

Na kuna kitu ambacho mtumiaji hawezi kukirekebisha hata akatae vipi. Wewe umekataa, sawa, lakini shangazi yako kakubali na namba yako iko kwenye simu yake, kwa hiyo imeshafika. Watu walio ndani ya fonibuku ya mtu hawakuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi 1 Mei 2023, na mimi nimemwambia mwenye mradi wazi kwamba namba za watu ambao hata apu hawana tusizilaze kwenye seva yetu kabisa. Hakufurahi, kwa sababu alikuwa na mpango wa kuwatumia meseji za kuwaalika. Nikamwambia bosi hao ndio watakaotuita apu ya mikopo.

Jumatano, picha

Leo hakuna kilichojifunga na ndo ubaya wake.

Ukimnyima apu picha, kwenye hizi Android za sasa haipati kosa. Inauliza "nipe picha zote", mfumo unaipa jibu zuri tu, ila ndani kuna picha ambazo apu yenyewe ndiyo ilizitengeneza, na kama haijatengeneza kitu basi orodha tupu. Apu yetu ikaichora ile orodha tupu kwenye skrini: ukurasa mweupe umeandikwa "Huna picha". Sasa mwambie mtu mwenye picha za harusi ya mwanae kwamba hana picha. Ndo yule aliyesema zimefutwa. Ukifuta apu na kuiweka upya inazidi, maana hata zile ilizotengeneza mwanzo sasa haihesabiwi kuwa mwenyewe, nazo hazionekani.

Lakini kesi iliyonila siku ni ya simu ya Android 14. Huko kwenye dirisha la ruhusa kuna jibu la katikati, mtu anachagua picha kadhaa tu za kuionyesha apu. Dada wa dizaini akafanya hivyo, akachagua picha tatu za vitenge, akaanza kuandika maelezo ya posti, meseji ikaingia, akatoka kuisoma, akakaa kidogo huko, aliporudi vijipicha vimekuwa vya kijivu na ukibonyeza tuma inasema imeshindikana. Nikirudia mimi haraka haraka inafanya kazi. Akirudia yeye polepole haifanyi.

Kumbe ni hivi. Android 14 ilileta ruhusa mpya ya hilo jibu la katikati, inaitwa `READ_MEDIA_VISUAL_USER_SELECTED`. Kama apu haijaitaja kwenye manifesti yake, lile faili la kuorodhesha ruhusa inazohitaji, mfumo unaivumilia, unaijibu kana kwamba imekubaliwa `READ_MEDIA_IMAGES`, inaona zile picha tatu, ila ni ruhusa ya muda. Apu ikienda nyuma, mfumo baada ya muda unaichukua. Apu haijui, yenyewe imeshika anwani za picha ikidhani mlango bado wazi. Mimi nilikuwa narudi kabla mlango haujafungwa, dada alikuwa anasoma meseji ya mama mkwe, ndefu.

Tungeweza kuitaja hiyo ruhusa tukaendelea, lakini kwa nini. Apu inahitaji picha moja au tatu mtu anapoposti, haihitaji galari. Kwa hiyo ruhusa ya picha tumeitoa yote na kuweka kichagua picha cha mfumo. Kinafunguliwa na Android yenyewe, kinaonyesha picha zote kwa mtumiaji, apu inapokea zile alizogusa tu, hakuna dirisha la kuuliza na hakuna cha kukataliwa. Kwenye ile ya Android 10 kama kichagua hakipo inafunguka sehemu ya kawaida ya kuchagua faili, sura mbaya kidogo ila kazi inafanyika. Tulichopoteza ni ile safu ya picha za karibuni iliyokuwa chini ya sanduku la kuandikia, dada kalalamika kwamba dizaini imevunjika, nimempa pole.

Ila sio kwamba umemaliza. Idhini inayotoka kwenye kichagua nayo ina mwisho, apu ikizimwa au simu ikiwashwa upya inapotea. Na mji huu mtu anaposti akiwa daladalani, mtandao unakata au bando linaisha Ubungo, picha inabaki foleni mpaka jioni akipata waifai. Ikifika jioni apu inajaribu kupandisha picha ambayo haina tena haki ya kuisoma. Dawa ni kuomba idhini ya kudumu palepale mtu anapochagua:

```kotlin
contentResolver.takePersistableUriPermission(
    uri, Intent.FLAG_GRANT_READ_URI_PERMISSION)
```

Nimetesti kwa kuposti bila bando, kuzima simu, kuiwasha, kununua bando. Ikapanda.

Alhamisi na Ijumaa, maiki

Hii ndiyo ya mama wa Mbagala na imekula siku mbili.

Tofauti na hizo zingine, maiki haina njia ya pembeni. Majina unaandika namba, picha unatumia kichagua, sauti ya mtu utaitoa wapi? Ukinyimwa maiki, voisi hakuna na kupiga hakuna, unabaki kusikiliza tu, na kusikiliza hakuhitaji ruhusa. Kukataa kwa kawaida apu ililishughulikia vizuri, ikitoa ujumbe "Ruhusu maiki ili urekodi", hapo waliotangulia nawapa sifa.

Lakini mama karuhusu. Nimempigia, shikamoo mama, naomba nenda kwenye setingi, apu, ruhusa, maiki, inasema nini? Akasoma kwa sauti, imeruhusiwa. Akarekodi, mstari wa muda unatembea, sekunde zinahesabika, anatuma, inafika, ukiibonyeza inacheza sekunde zote kumi na mbili za kimya. Nikamuuliza WhatsApp je? Akasema hata kule siku hizi hawamsikii, alishasema maiki imekufa na fundi kamwambia alete simu, maiki mpya.

Hapo ndo nikajua. Nikamwambia mama shusha lile pazia la juu la simu, angalia vitufe, kuna kimeandikwa "Mic access"? Kipo. Kimezimwa.

Tangu Android 12 ya 2021 kuna swichi mbili za simu nzima, ya kamera na ya maiki. Ukizima ya maiki ruhusa za apu haziguswi, kila apu bado inaambiwa "umeruhusiwa", inafungua maiki bila kosa, inarekodi, isipokuwa kinachoingia ni ukimya. Ya kamera vilevile, apu inapewa picha nyeusi. Makusudi kabisa, apu haiambiwi kwamba umezima. Mfumo wenyewe ndio unamtokea mtumiaji na dirisha la kuuliza afungue maiki, na mama anasema ndio kuna kitu kilikuwa kinatokea nikawa nakitoa nirekodi. Mjukuu alikuwa anachezea simu, ndo nadharia yetu. Fundi kakosa hela ya maiki.

Swali ni apu ifanye nini, maana ukimuuliza Android ruhusa ipo anakujibu ipo. Hakuna njia ya kuisoma ile swichi. Kinachowezekana ni kusikiliza unachorekodi. Kirekodi kina `maxAmplitude`, kinakuambia kilele cha sauti tangu ulipouliza mara ya mwisho. Mara ya kwanza daima kinajibu 0, hiyo ipuuze. Baada ya hapo chumba chochote cha kweli, hata usiku, kina kelele kidogo, feni, pikipiki ya mbali, na maiki yenyewe ina mvumo wake, namba inachezacheza. Ikiwa 0, 0, 0 mpaka mwisho, hiyo sio chumba kimetulia, hakuna sauti inayoingia kabisa.

```kotlin
if (recorder.maxAmplitude > 0) imesikikaKitu = true
```

Mtu akiachia kitufe na bado hakijasikika kitu, hatutumi, tunamwambia: "Hatusikii sauti yoyote. Angalia kama maiki ya simu imezimwa kwenye vitufe vya juu." Hatusemi "ruhusu maiki", kwa sababu atakwenda setingi, atakuta imeruhusiwa, atarudi na hasira. Ujumbe huohuo unafaa pia kwa kesi nyingine niliyoikuta kwenye simu ya Android 12, mtu anarekodi voisi huku yuko kwenye simu ya kawaida, simu inachukua maiki, apu inabaki na ukimya.

Halafu kuna kupiga. Malalamiko mengine: tunaongea vizuri, nikitoka kuangalia meseji ya muamala, mwenzangu ananiambia nimepotea, mimi namsikia. Ruhusa ya maiki ambayo watu wengi wanaipa ni ile ya "While using the app", na mfumo unaichukulia kwa maana yake: apu ikishakuwa nyuma, baada ya muda mfupi maiki inakatwa, tena kwa ukimya uleule. Kusikia hakukatwi kwa sababu spika haihitaji ruhusa. Ili simu iendelee lazima apu iwe na huduma inayoonekana kwenye arifa, na iandikwe ni ya maiki:

```xml
<service
    android:name=".HudumaYaSimu"
    android:foregroundServiceType="microphone" />
```

Huduma ilikuwepo ila aina haikuandikwa, na tangu Android 11 bila hiyo aina ni kama haipo. Kwa apu inayolenga Android 14 unaongeza na ruhusa ya `FOREGROUND_SERVICE_MICROPHONE` kwenye manifesti, la sivyo huduma ikianza apu inajifunga. Na ianzishwe wakati mtu bado anaiona skrini ya apu, ukiianzisha ikiwa tayari nyuma maiki hupewi.

Jumamosi, kamera

Fupi. Mbili zilikuwa mbaya.

Ya kwanza ina kichekesho. Picha ya profaili apu haikuwa inapiga yenyewe, inafungua kamera ya simu na kusubiri picha irudi, na kitu hicho kwa kawaida hakihitaji ruhusa ya kamera hata kidogo. Ila kuna sharti: kama apu imeiandika ruhusa ya kamera kwenye manifesti na mtumiaji hajaikubali, basi hata kufungua ile kamera ya simu inakatazwa kwa `SecurityException`. Sisi tumeiandika kwa ajili ya vidio. Kwa hiyo mtu aliyekataa kupiga vidio anajikuta hawezi kuweka picha ya profaili, apu inakufa. Apu ambayo haijaomba kamera kabisa ingefanya kazi. Sasa tunaangalia kwanza, kama hakuna ruhusa kitufe cha "piga picha" hakitokei, kinabaki cha kuchagua iliyopo.

Ya pili, vidio ikipigwa na aliyekataa kamera ilikuwa inaganda kwenye "Inaunganisha" milele, kwa sababu ilisubiri picha ya kwanza ya kamera ndipo ifungue sauti. Tumepindua, sauti inaanza, picha ikija ije, isipokuja mwenzake anaona picha ya profaili.

Jumatatu

Kimebaki kile kitufe kinachokufa. Mtu kakataa maiki mara mbili, siku nyingine kabadili mawazo, anabonyeza kurekodi, hakuna kinachotokea kwa sababu dirisha halitokei tena. Tumeweka ujumbe na kitufe kinachompeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa apu ndani ya setingi. Kwenye iPhone ni kali zaidi, kule anaulizwa mara moja tu, akikataa ni setingi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kuomba mapema ni kuichoma nafasi. Maombi yote tumeyahamisha, maiki inaombwa mtu anapogusa kitufe cha voisi, kamera anapogusa vidio, majina anapogusa "tafuta watu" na hapo kuna "andika namba" juu yake.

Toleo jipya limeenda kwa watu wa majaribio mchana huu. Mama wa Mbagala katuma voisi ya dakika nzima, nusu yake anamlalamikia fundi. Kesho naanza arifa, tangu Android 13 nazo zinaombewa ruhusa, na kwa jinsi ninavyoona kwenye logi nusu ya simu zisizopokelewa ni za watu waliozikataa.